Zimekwenda Kilo za Nini?

Nilipoanza uuguzi katika kliniki ya kisukari hapa Tanga, mgonjwa aliyepungua kilo alitutia wasiwasi. Kukonda kulimaanisha kwamba insulini haitoshi na mwili umeanza kujila wenyewe. Ukimchoma kidole, mashine inasoma 18 au 20. Dawa zikikubali, uzito unarudi, na sisi tunashukuru. Lakini glibenklamidi na insulini zenyewe huongeza uzito, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa kina mama wengi tuliowatibu walikuwa wamenenepa, magoti yanawauma, na sukari imekuwa ngumu tena. Hapo tukageuka, tukawa tunawahimiza wapungue. Nusu kilo ikishuka, tunafurahi pamoja nao.

Ndipo ikaja sindano ya wiki. Semaglutaidi iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa kisukari mwishoni mwa mwaka 2017, na kwetu ilifika polepole, kwa bei ambayo wengi hawaimudu. Mgonjwa wangu wa kwanza kuitumia alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka 64, ambaye mwanawe anafanya kazi Maskati na ndiye aliyekuwa akimpelekea kalamu za sindano. Sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa na kilo 92, na kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, kilisoma asilimia 9.4.

Daktari wetu alikuwa mgeni kituoni. Kabla ya dozi ya kwanza alitaka vipimo ambavyo kadi yetu haikuwa na nafasi ya kuviandika. Alileta kiti cha mbao kisicho na pa kushikia, akamwambia Mwalimu akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara tano bila kujisukuma. Sekunde 11. Kisha akachukua utepe wa fundi cherehani, akapima kigimbi pale kilipo kinene kuliko pote. Sentimita 36. Mwisho akampandisha pekupeku kwenye mzani wa umeme unaokisia mafuta: kilo 41 mafuta, 51 vitu vingine vyote, yaani misuli, mifupa, maji na viungo vya ndani.

“Sista, mzani wa kawaida utatuambia kilo ngapi zimekwenda,” alinieleza. “Hautatuambia zimekwenda kilo za nini.”

Mwalimu alianza na miligramu 0.25 kwa wiki, baada ya mwezi 0.5, baadaye 1. Glibenklamidi ilipunguzwa nusu tangu siku ya kwanza, kwa sababu dawa hiyo huilazimisha kongosho kumwaga insulini hata kama mtu hajala. Hata nusu hiyo ilikuja kuwa nyingi. Mwalimu alikuwa na daftari alilolipiga mistari kwa rula, anaandika sukari ya asubuhi na ya saa kumi jioni. Za asubuhi zilipendeza: 6.1, 5.8, 5.5. Katika safu ya jioni tukakuta 3.7, halafu 3.5, na pembeni ameandika “jasho, sikula mchana”. Sindano ilikuwa imemwondolea njaa, kidonge kikaendelea na kazi yake. Glibenklamidi ikasimamishwa kabisa, akabaki na metformini na sindano. Tangu hapo sikubali sukari ya asubuhi peke yake kwa mgonjwa wa sindano hizi. Ninauliza pia ile ya saa ambayo zamani alikuwa akila na sasa hali.

Mwezi wa sita mzani ulisoma kilo 80. HbA1c ilikuwa asilimia 6.8. Kwa macho ya kliniki yetu ya zamani, huo ulikuwa ushindi mtupu. Lakini Mwalimu alipoitwa ndani nilimwona anashika ukingo wa meza ili ainuke, na binti yake akasema siku hizi mama anahitaji kuvutwa mkono kupanda daladala. Tukaleta kiti. Sekunde 17. Inapopita 15, miongozo ya Ulaya huhesabu kuwa nguvu za misuli zina walakini. Kigimbi kilikuwa sentimita 33. Mzani wa umeme ulionyesha mafuta kilo 34 na vingine 46. Kati ya kilo 12 zilizokwenda, 5 hazikuwa mafuta.

Daktari hakukimbilia hukumu. Mashine ile hupitisha umeme mdogo mwilini na kukisia kwa kufuata maji, kwa hiyo mtu aliyetapika au kuharisha siku mbili ataonekana amepoteza misuli, na akinywa maji ya kutosha “inarudi”. Mwalimu alikuwa na kichefuchefu tangu dozi ilipofika 1. Tukampima tena wiki iliyofuata, asubuhi, kabla ya kula, baada ya kwenda haja ndogo. Ilikuwa imerudi nusu kilo tu. Kiti nacho hakidanganyiki kwa maji: sekunde 16.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa katika majibu ya maabara. Kreatinini yake ilishuka kutoka 88 hadi 71, na hesabu ya figo ikatoka nzuri kuliko mwanzo. Nilitaka kumpa Mwalimu habari njema, daktari akanizuia. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Misuli ikipungua, nayo hupungua katika damu, na figo huonekana nzima kuliko zilivyo. Kwa hiyo aliagiza mkojo upimwe protini, ajue hali ya figo kabla ya kumwambia mgonjwa aongeze vyakula vya kujenga mwili. Mkojo ulikuwa safi.

Hapo matibabu yakabadilika. Dozi ilirudishwa 0.5, kwa sababu sukari ilikwisha kutulia na hapakuwa na haja ya kupungua kwa kasi ile. Kwa umbo lake, daktari alitaka protini gramu 70 hivi kwa siku, na Mwalimu alikuwa anapata pengine nusu yake, kwa chai ya rangi na ugali kidogo jioni. Tulikaa naye tukahesabu kwa vitu vya jikoni kwake. Yai moja gramu 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyoiva 15, kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja 20 na zaidi. Sharti likawa moja: kitoweo kwanza, ugali baadaye, maana kwa dawa hii tumbo hujaa mapema na kinachobaki sahanini ndicho kinachokosekana mwilini.

“Mwanangu, wageni wataniona sina adabu, naanza na samaki,” aliniambia. Akaanza na samaki.

Mazoezi yalikuwa yale yale ya kiti, mizunguko mitatu ya mara kumi, siku tatu kwa wiki, na chupa za maji za lita moja na nusu za kuinua. Kutembea alikuwa akitembea tangu mwanzo, ila kutembea peke yake hakukulinda misuli. Misuli inataka mzigo.

Baada ya miezi mitatu mingine uzito ulikuwa 78, kiti sekunde 12, kigimbi bado 33, HbA1c 6.7. Utepe haukusogea, na sikuutarajia, kwani nguvu hurudi kabla ya unene, na kigimbi nacho hubeba mafuta yake. Ikiwa miguu imevimba, kipimo hicho tunakiacha kabisa.

Siku hizi kadi yetu ina safu mbili zaidi, kiti na kigimbi, na hujazwa kila miezi mitatu kwa kila aliye kwenye sindano. Juzijuzi kalamu za Mwalimu zilichelewa kutoka Maskati. Dawa hukaa mwilini wiki tano hivi, kwa hiyo sukari haikupanda siku hiyo hiyo. Wiki ya nne daftari lilianza kuonyesha 8 na 9 asubuhi, na njaa ikarudi kwa nguvu. Kilo zinazorudi namna hiyo aghalabu ni za mafuta kuliko za misuli, kwa hiyo nilimsihi asiache kiti wala samaki. Kalamu zilipofika hakurudia pale alipoishia. Daktari alimwanzisha tena 0.25, nami nikampangia siku ya kiti na utepe kabla ya sindano ya kwanza.