Hongera ya mjomba

Ujumbe wa mjomba uliingia saa mbili usiku nikiwa kwenye daladala ya Kihonda. "Hongera sana mpwa wangu. Nimeisoma hadithi mara mbili. Umetuheshimisha." Hadithi yangu ilikuwa imeshika nafasi ya tatu kwenye shindano moja, na tangu asubuhi simu ilikuwa hainyamazi. Nikamjibu kama nilivyowajibu wengine wote: "Asante mjomba. Aah, ni kahadithi tu, nimebahatisha."

Hakujibu. Mtandao wa kule kwake Mgeta ni wa kuvizia, nikajisemea labda ukungu umeshuka. Kumbe wapi! Asubuhi akapiga.

"Mimi nimefundisha Kiswahili mpaka nikastaafu," akasema, hata shikamoo yangu hajaiitikia vizuri. "Nimesoma mara mbili, nimeona ni nzuri. Sasa wewe unaniambia nimesifia kitu cha kubahatisha. Nani hajui kusoma hapo?"

Nilikuwa nimedhani najishusha mimi. Kumbe niliyemshusha ni yeye. Anayekupongeza ametoa hukumu yake, na ukimwambia kitu chenyewe hakina maana umemrudishia hukumu hiyo usoni. Halafu hiki kiambishi ka-, ambacho sisi wa bara tunakipenda sana kwenye mazungumzo, ni kijanja. Ukisema "kahadithi", msikilizaji analazimika kukubishia: "Hapana bwana, ni hadithi kubwa!" Hapo umejipatia sifa ya pili kwa kuikataa ya kwanza.

Na kwetu Waluguru kuna jambo zaidi. Ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mimi ni mtoto wa ukoo wa mjomba kabla sijawa wa ukoo wa baba. Aliposema "umetuheshimisha" hakuwa anapamba maneno. Alikuwa anadai fungu lake.

Nikakaa kuandika jibu upya. La kwanza lilikuwa hivi: "Ushindi huu ni wetu sote, bila ninyi nisingekuwa chochote." Nikalifuta. Nafasi ya tatu naiita ushindi? Na "wetu sote" inamshukuru kila mtu, kwa hiyo haimshukuru yeyote. Isitoshe si kweli. Mjomba hakukesha na ile hadithi, nilikesha mimi, miezi mitano. Alichofanya yeye ni kitu kingine, nacho kina jina. Mwishowe nikatuma hili:

"Shikamoo mjomba. Nisamehe kwa jibu la jana. Asante sana, nimefurahi, maana hadithi hii niliihangaikia miezi mitano. Nikiwa darasa la sita ulinirudishia insha ya mvua mara nne, ukaniambia nimwonyeshe msomaji tope, nisimwambie tu kwamba kuna tope. Lile tope la ukurasa wa kwanza limetoka kwako. Jumamosi nakuja, nikusomee kwa sauti."

Neno lililonipa taabu kuliko yote ni "niliihangaikia". Nilitaka kusema nimefanya kazi, bila kusema mimi ni hodari. Kuhangaika ni jambo lililotokea, mtu hawezi kulibishia wala kulionea gere. Uhodari ni wa wengine kuutaja. Na ile insha ya mvua niliichagua kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani ninayeweza kumtumia sentensi hiyo. Ukiweza kuunakili ujumbe wako wa shukrani na kumtumia mtu wa pili bila kubadilisha neno, bado hujamshukuru wa kwanza.

Simaanishi kila hongera ijibiwe hivyo, tutakesha. Kwenye kundi la tuliosoma pamoja niliandika "Asanteni sana, nimefurahi kweli" na yakaisha. Ila kulikuwa na rafiki mmoja aliyetuma hadithi shindano lile lile na hakutajwa. Yeye alinipongeza mapema kuliko wote. Kidole kilitaka kuandika "hata wewe ungeshinda". Huo ni uongo wa kubembeleza, na angeujua. Nikamwandikia: "Asante. Najua nawe ulituma, kwa hiyo hongera yako nimeipokea kwa uzito wake." Akanijibu na kicheko, kisha akanitumia hadithi yake niisome.

Huwa namkumbuka Abdulrazak Gurnah. Oktoba 2021 alipopigiwa simu kuambiwa amepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi, alidhani ni mtu anamtania, na amelisimulia hilo mwenyewe. Nalipenda kwa sababu kushangaa si kukataa. Mtu anaweza kusema "sikutegemea" na ikawa kweli, bila kuongeza "sistahili", ambayo mara nyingi hata msemaji haiamini.

Mjomba alijibu usiku ule. "Marahaba. Tope nimelipokea. Lakini aya ya mwisho inakimbia kama basi la kuwahi Msamvu. Njoo nayo hiyo Jumamosi, na kalamu nyekundu uje nayo, yangu imekauka."