Kalamu Nyekundu Kwenye "Écrites"

Mwaka jana, nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nilimkata mwanafunzi wa kidato cha tatu alama moja ambayo ilikuwa haki yake. Aliandika: *Les lettres que ma mère a écrites sont longues*, yaani barua alizoandika mama yangu ni ndefu. Nikazungushia "écrites" kalamu nyekundu, pembeni nikaandika: "Baada ya avoir hakuna kubadilisha!"

Kesho yake akanifuata nje ya ofisi ya walimu, daftari mkononi. "Samahani mwalimu, mbona kitabuni wameandika kama mimi?" Nikamwambia nitaangalia. Kusema kweli, nilikuwa natafuta pa kujificha.

Jioni nikaikagua ile sentensi taratibu. Kwanza, kitenzi kisaidizi ni kipi? Ni "a", kutoka avoir. Basi mtenda hahusiki kabisa. Angekuwa mama ndiye anayeamua, tungeandika écrite, bila s. Pili, mama aliandika nini? Barua. Hiyo ndiyo shamirisho kipozi. Tatu, na hili ndilo nililoliruka: barua zimetajwa kabla ya kitenzi au baada yake? Kabla, maana "que" inasimama badala ya "les lettres", nayo imetangulia. *Lettre* ni ya jinsi ya kike, na hapa ziko nyingi. Unaongeza e, kisha s. Mtoto alikuwa sahihi.

Nilichokariri mimi kilitoka kwenye sentensi ya kawaida: *Ma mère a écrit les lettres*. Hapo ukifika kwenye écrit, barua bado hazijatajwa, kwa hiyo neno linabaki lilivyo. Kanuni yangu ilikuwa nusu tu, na nusu hiyo nikaifanya nzima.

Usidhani sikio litakuokoa. Kwenye écrites ile t inasikika, sawa. Lakini *les chansons que j'ai chantées* hutamkwa vilevile hata ukiandika chanté. Na kutangulia peke yake hakutoshi: kwenye *Elle leur a écrit*, "leur" imetangulia, ila inajibu "aliwaandikia akina nani?", si "aliandika nini?". Hiyo ni shamirisho kitondo, kwa hiyo écrit haiguswi.

Kipindi kilichofuata niliandika sentensi mbili ubaoni, écrites na écrit, nikauliza darasa: mama aliandika nini, na hicho kitu kiko wapi? Kisha nikasema mbele ya wote kwamba nilikosea kusahihisha, nikamrudishia alama yake. Akatabasamu, akafuta ule mduara wangu kwa kifutio. Wino haukutoka, ukabaki hapo, na alama mpya pembeni yake.