Kinyoya kinachopinduka karibu na wavu

Wamama wenzangu, mama mmoja wa mtaa wetu aliniuliza swali hili mwezi uliopita: «Madamu, mtoto wangu ni mwembamba, mikono yake haina nguvu. Kila Jumamosi anarudi nyumbani ameshindwa na wale wakubwa wanaogonga kwa nguvu. Kwa nini nisimtoe kwenye huo mchezo, abaki nyumbani anisaidie?» Alikuwa anasema juu ya badmintoni, ule mchezo wa raketi na kinyoya ninaoufundisha wasichana wa shule hapa Bukavu baada ya masomo. Nilimwomba anipe majuma matatu. Sikutaka kumfundisha binti yake kugonga kwa nguvu. Nilitaka ajifunze pigo moja dogo tu, la karibu na wavu. Leo nawaeleza pigo hilo ni nini na kwa nini linamlazimisha hata mchezaji mwenye nguvu kuinua kinyoya juu.

Tuanze na wavu. Kwenye nguzo una urefu wa meta 1,55, na katikati unashuka kidogo, meta 1,524. Juu yake kuna utepe mweupe. Utepe huo ndio unaoamua nani anashambulia na nani anajitetea. Ukikipiga kinyoya kikiwa juu ya utepe, unaweza kukielekeza chini, na mwenzako atahangaika. Ukikipiga kikiwa chini ya utepe, huna njia nyingine: lazima kwanza kipande, kisha kivuke. Kwa hiyo mchezaji mwenye mkono wa chuma anaogopesha tu akipata kinyoya kilicho juu. Mpe kinyoya kilicho chini, na nguvu zake hazina pa kwenda.

Sasa tukitazame kinyoya chenyewe. Kina manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kichwa cha kizibo, na chote kina uzito wa gramu 5 hivi. Uzito mwingi uko kichwani, na manyoya yanakamata hewa. Ndiyo maana kinyoya huruka daima kichwa kikitangulia na manyoya yakifuata nyuma. Hata ukikirusha kinyumenyume, kitajigeuza chenyewe. Lakini kujigeuza kunataka muda kidogo, na pigo letu linaishi ndani ya muda huo.

Badala ya kukipiga kichwa kwa nyuma moja kwa moja, mchezaji anapitisha raketi chini yake kwa pembeni, kama mtu anayefuta unga mezani kwa kiganja. Kichwa kinasukumwa upande, manyoya yanabaki nyuma, na kinyoya kinaanza kupinduka: kichwa juu, manyoya juu, kichwa juu tena. Kinavuka utepe kikiwa bado kinapinduka na kushuka upande wa pili kikiwa karibu kugusa wavu.

Mtazameni sasa yule anayekuja kukipokea. Anataka kukigonga chini kabla hakijashuka, lakini mambo mawili yanamzuia. La kwanza ni kanuni: haruhusiwi kugusa wavu kwa raketi wala kwa mwili, wala kukipiga kinyoya kabla hakijavuka kuja upande wake. Kikiwa kimeshikamana na wavu namna hiyo, raketi haina nafasi ya kupita. La pili ni kule kupinduka. Akipiga manyoya badala ya kichwa, kinyoya kinakwenda ovyo, mara nyingi kwenye wavu. Basi anangoja kichwa kigeuke chini. Na kila anapongoja, kinyoya kinaendelea kushuka.

Tufanye hesabu ndogo, kama ninavyoifanya ubaoni. Tuseme anakifikia kikiwa sentimeta 90 kutoka sakafuni. Utepe uko juu yake kwa sentimeta 62 hivi. Kama kinyoya kiko meta nzima kutoka wavuni, kina sentimeta 100 za kwenda mbele huku kikipanda zile 62. Huo ni mlima wa kawaida, na anaweza kukisukuma mpaka nyuma kabisa ya uwanja wetu. Lakini kikiwa sentimeta 20 tu kutoka wavuni, lazima kipande zile zile 62 ndani ya sentimeta 20. Yaani kwa kila hatua moja mbele, hatua tatu juu. Kinyoya kinachopigwa namna hiyo kinapanda kama moshi wa jiko, hewa inakimalizia mwendo, na kinashuka katikati ya uwanja wetu, mahali pazuri pa kukigonga.

Mtasema: je, hawezi naye kukirudisha taratibu pale pale wavuni? Anaweza kujaribu. Lakini kinyoya kinachopinduka hakitii raketi yake vizuri. Akikigusa kidogo mno, kinabaki kwenye wavu. Akiongeza kidogo ili avuke salama, kinapita juu ya utepe kwa kiganja kizima au zaidi, na sisi tumesimama pale mbele, raketi juu, tunakidonoa chini. Mchezaji mwenye akili akiona tumekwisha kusimama tayari, haendi kwenye mtego huo. Anainua. Ndiyo maana nasema pigo hili linalazimisha: kila mlango mwingine uko karibu kufungwa.

Namna ya kulipiga ni hii. Kwanza, kukiwahi. Hatua ya mwisho ni ndefu, kwa mguu wa upande wa raketi, na mkono umenyooka mbele, ili kinyoya kiguswe karibu sana na utepe, si chini ya kiganja kimoja kutoka pale. Pili, raketi inashikwa kwa vidole, kwa ulegevu, kama unavyoshika kijiko cha kumlisha mtoto mchanga. Uso wa raketi unatazama juu, ukiinama kidogo tu. Tatu, hakuna kurudisha mkono nyuma. Mwendo wenyewe ni mfupi kama urefu wa kidole, na kazi kubwa inafanywa na kinyoya chenyewe kinachoangukia raketi inayopita pembeni.

Kosa linatambulika kwa sikio na kwa jicho. Ukisikia «tok» safi, raketi imepiga kichwa katikati, na kinyoya hakitapinduka. Pigo lililofanikiwa lina sauti ya kukwaruza, laini. Kwa jicho, angalia mahali kinyoya kinapofika juu kabisa. Kikifika kileleni kikiwa bado upande wetu, kisha kikaanza kushuka kinapovuka utepe, kitaanguka karibu na wavu. Kileleni kikiwa upande wa mwenzako, tayari umempa zawadi, hata kama kilipinduka vizuri sana. Mara nyingi chanzo ni mkono ulioshika raketi kwa nguvu mno, au miguu iliyochelewa.

Jumamosi ya tatu mama yule alikuja mwenyewe kwenye ukumbi tunaochezea. Binti yake alicheza na msichana wa miaka 17, mrefu, mwenye smashi inayosikika mpaka nje. Katika seti ya pili, binti alikuwa na pointi 17, mwenzake 18. Yule mrefu alikishusha kinyoya taratibu mbele, upande wa kulia wa binti. Binti alikiwahi kikiwa chini kidogo ya utepe, akapitisha raketi kutoka nje kuja ndani. Kinyoya kilipanda kiganja kimoja juu ya utepe, kikavuka kikipinduka. Mwenzake alifika haraka, raketi juu, tayari kukimaliza. Aliona manyoya badala ya kichwa, akasita. Kichwa kilipogeuka chini, kinyoya kilikuwa kwenye magoti yake. Akainua. Kilipanda mpaka karibu na paa na kushuka katikati. Binti alikuwa amekwisha kurudi hatua mbili, akakigonga, si kwa nguvu, upande wa kushoto uliokuwa wazi, kwa sababu yule mwingine bado alikuwa ameinama mbele.

Pointi iliyofuata, binti alipiga vile vile. Safari hii mwenzake alitaka kujibu taratibu wavuni, kinyoya kikapita juu sana, na binti akakidonoa chini. Ikawa 19 kwa 18. Mama yake, aliyekaa karibu nami kwenye benchi, alinigusa mkono: «Kumbe hakutumia nguvu kabisa. Ni yule mkubwa ndiye aliyemwinulia.»

Lakini binti hakushinda seti ile, na inafaa mjue sababu. Mwenzake alielewa. Aliacha kushusha vinyoya mbele, akavisukuma vyote mpaka nyuma, pembeni, na kumaliza 21 kwa 19. Pigo la wavuni linahitaji mwenzako akuletee kinyoya mbele na kiwe bado juu. Ukikifikia kikiwa chini magotini, usijaribu kukipindua. Hapo wewe ndiye uliyelazimishwa, na heri uinue juu na mbali ili upate muda wa kurudi katikati. Tena halifanyi kazi nje kukiwa na upepo. Pepo za alasiri kutoka ziwani zinakichukua kinyoya cha gramu 5 zinavyotaka, na kile ulichokipima sentimeta 20 kutoka wavuni kinaangukia meta nzima. Sisi tunalifanyia zoezi ndani tu, au asubuhi mapema hewa ikiwa imetulia.

Hata hivyo mama yule hakumtoa mtoto wake. Aliniuliza tu anaweza kumsaidia vipi nyumbani, yeye asiyejua kucheza. Hili kila mama anaweza. Funga kamba uani, kwenye urefu wa meta moja na nusu hivi, iwe kama utepe wa wavu. Funga kamba ya pili kiganja kimoja na nusu juu yake. Mtoto asimame upande mmoja, nawe upande wa pili umrushie vinyoya kwa mkono, taratibu, vikivuka juu kidogo ya kamba ya chini. Yeye avipitishe kati ya kamba mbili. Chora mstari chini, hatua fupi moja kutoka kwenye kamba, upande wako. Hesabu vinyoya vilivyopita kati ya kamba na kuanguka ndani ya mstari. Siku ya kwanza huenda ni viwili katika kumi. Vikifika sita katika kumi, mwambie aanze kutazama kama vinapinduka.