Heshima ukutani

Niania ni njia panda: barabara ya Kisangani kwenda Bunia inakutana pale na ile ya Isiro. Semina niliyotafsiria huko ilikuwa ya siku nne, ya watumishi wa afya: daktari, wauguzi, na mama wawili wa usafi. Daktari alimtambulisha mwezeshaji kwa diploma zake zote. Mwezeshaji akashukuru, akataja jina lake tu, kisha akasema kwamba hataandika ripoti juu ya mtu yeyote. Nadhani hilo lilifaa kuliko diploma.

Kanuni ya kwanza aliyoitoa kwenye karatasi zake za Kifaransa ilikuwa ya kuheshimiana. Kwenye karatasi ya ukutani ikawa «Heshima». Kabla ya kuendelea aliuliza maana yake, akianza na wenye vyeo vidogo. Mama mmoja akajibu: «Ni kunyamaza mbele ya wakubwa.»

Watu walicheka, lakini alisema kweli. Kifaransa kinasema pande zote mbili. «Heshima» peke yake, kwetu, hupanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Kanuni ya kuwafungua watu midomo ilikuwa inawafunga. Mwezeshaji akaifuta, akaandika tendo: «Mtu akisema, hakuna wa kumkatiza, hata mkubwa wake.»

Siku ya pili daktari alimkatiza muuguzi. Mama yule hakusema neno, alinyoosha kidole ukutani, na daktari akangoja. Ila habari ya posho haikuguswa na mtu hadi daktari alipotoka.