Dakika Mbili Kabla ya Pazia

Nilipokuwa mwenyekiti wa klabu ya maigizo chuoni, kazi iliyonisumbua kuliko hata kutafuta fedha za mavazi ilikuwa ile hotuba fupi ya kabla ya pazia. Mwaka ule tulicheza Kinjeketile, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa 1969, inayohusu Vita vya Maji Maji. Nilikuwa na dakika mbili za kuwaambia watu tuko wapi, nani ni nani, na ugomvi ni upi.

Mandhari hayakunipa shida. Tamthiliya inaanza na wanawake wanaozungumzia njaa, kwa hiyo njaa ingejieleza yenyewe. Mimi nilitakiwa kutaja tu mahali, wakati, na nani anatawala. Tena nisiviweke kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu sentensi ya kwanza huliwa na kelele za viti. Ya kwanza ni salamu; habari yenyewe huanzia ya tatu.

Wahusika ndio walioanza kunichosha. Wapo wengi, na wawili wakuu, Kinjeketile na Kitunda, majina yao yanaanza kwa sauti moja. Mtu aliyekaa nyuma, ambaye hajasoma kitabu, atawachanganya mpaka katikati ya onyesho. Kusema mmoja ni mganga na mwingine ni kiongozi hakumsaidii, maana cheo hakionekani kwa macho. Nikaamua kumpa kila mmoja tendo: huyu ataingia mtoni, yule atafundisha watu vita. Tendo likitokea jukwaani, jina litarudi lenyewe. Waliobaki niliwaacha. Hotuba yenye majina saba ni mahudhurio ya darasani.

Kisha mgogoro. Rasimu aliyoandika katibu wetu ilisema hii ni hadithi ya watu waliodanganywa kwamba maji yatazuia risasi. Tulipoisoma kwa sauti mazoezini, kijana aliyetunza vifaa vya jukwaani, mtu wa Kilwa, alikataa. Kwao, alisema, wazee waliokunywa maji yale wanatajwa kwa majina. "Ukisema walidanganywa, umeshawahukumu kabla hawajatoka kuongea."

Katibu akajibu kwamba kila aliyesoma historia anajua risasi hazikugeuka maji. Kweli. Lakini hapo ndipo nilipoona kwamba wote wawili walikuwa wanashika upande mmoja wa jambo. Kama ukumbi mzima unajua vita vilivyoisha, basi swali la tamthiliya haliwezi kuwa kama maji yatafanya kazi. Hussein mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si yule wa historia, na Kinjeketile huyu wa jukwaani ana shaka. Anatoka mtoni, anatabiri, watu wanashangilia, halafu anaanza kuyasikia upya maneno aliyoyatamka mwenyewe. Wakati huo maji yameshawaunganisha Wamatumbi, Warufiji na wengine waliokuwa hawaaminiani. Akiyakana, umoja unavunjika. Akinyamaza, watu watakwenda kusimama mbele ya bunduki.

Shida ni kwamba shaka hiyo haisemwi kabla ya pazia. Ukiitaja, umemnyang'anya mwigizaji onyesho lake. Unachoweza kufanya ni kuwaelekeza watu waangalie wapi, usiwaambie wataona nini.

Nilichosema mwishowe ni hiki:

"Habari za jioni. Karibuni sana, na tuzime simu. Usiku huu tuko Umatumbi, kusini mwa Mto Rufiji, karibu na mwaka 1905. Mjerumani anatawala. Wanaume wanalimishwa pamba kwa nguvu, na mashamba yao ya chakula yanaota magugu. Mtawaona wengi, lakini wafuateni wawili. Yule atakayeingia mtoni ni Kinjeketile. Yule atakayewafundisha watu vita ni Kitunda. Watu hawa wanataka kumwondoa Mjerumani, lakini kila kabila linamtazama jirani yake kwa jicho baya. Kitakachowakutanisha ni maji, na neno lililosemwa juu ya maji hayo. Mwisho wa vita mnaujua. Nawaomba jambo moja tu: watu watakapoanza kushangilia, msiwatazame wanaoshangilia. Mtazameni Kinjeketile. Asanteni."

Nilipima kwa saa ya simu: haikufika hata dakika mbili. Katibu alilalamika kwamba sikumtaja mnyapara, na mnyapara huchekesha. Nikamwambia mnyapara atajitaja mwenyewe kwa kiboko.

Nilipopita nyuma ya pazia, kijana wa Kilwa alikuwa amesimama kwenye kona yake, kibuyu cha maji mkononi, kimejaa mpaka shingoni. Alikuwa amesikiliza yote. Akaninong'oneza: "Haya, wafungulie."