Usisogeze tarehe ya saa usiku

Aprili ina siku 30, lakini saa ya mkononi isiyotumia betri haina habari hiyo. Pete yake ya tarehe ina namba 31, na mara tano kwa mwaka inahitaji mkono wa mwenyewe. Wengi hukumbuka jambo hilo usiku, na huo ndio wakati mbaya kuliko wote.

Rafiki yangu, mtendaji wa kata wilayani Kyerwa, alirithi Seiko 5 ya baba yake. Usiku wa Aprili 30, saa tano, alisogeza tarehe hadi 31 ili usiku wa manane saa yenyewe iingize 1. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Alihisi ugumu kidogo, akalazimisha. Asubuhi kidirisha kilionyesha vipande vya namba mbili. Tulipompelekea fundi wa Kayanga, alituonyesha jino lililovunjika.

Sababu yenyewe ni hii. Ndani ya saa kuna gurudumu linalozunguka mara moja kwa saa 24, lenye kidole kinachosukuma pete ya tarehe. Katika saa nyingi za aina hiyo, kidole huanza kugusa meno ya pete mnamo saa tatu usiku, na kazi ya kubadili tarehe na siku inaweza kuendelea hadi saa kumi alfajiri. Ukizungusha kitufe cha pembeni katikati ya muda huo, unaisukuma pete ambayo tayari imeshikwa.

Anayeikuta saa imesimama ana taabu nyingine: mishale haimwambii kama saa inadhani ni mchana au usiku. Tuseme leo ni Jumatatu tarehe 14, saa nne asubuhi. Kwanza itikise polepole kushoto na kulia kwa nusu dakika hivi, maana nyingi za Seiko 5 za zamani hazijazwi kwa kitufe. Vuta kitufe hadi mwisho, uzungushe mishale mbele mpaka tarehe ibadilike. Hapo ni usiku wa manane. Endelea mbele mpaka mshale mfupi ufike kwenye 6, yaani saa kumi na mbili asubuhi. Sasa kidole kimeachia. Rudisha kitufe hatua moja, weka 14 na Jumatatu, kisha kivute tena na usogeze mishale mbele hadi 10.

Tarehe ikibadilika mchana wa saa sita, saa ni nzima. Imetanguliwa au imecheleweshwa kwa saa 12 tu. Lakini ikikwama katikati ya kidirisha, usiilazimishe.

Kwetu mpakani kuna mtego zaidi. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikinasa mtandao wa ng'ambo ya Mto Kagera hubadilika yenyewe. Ukiilinganisha nayo saa sita na nusu usiku, utairudisha mishale nyuma kupita usiku wa manane. Subiri kupambazuke, uulize wakati kwa redio.