Kalamu Nyekundu

Nilijitolea mara mbili kabla sijalipwa hata senti. Mara ya kwanza ilikuwa maktaba ya taasisi moja hapa Dar es Salaam. Kwa miezi sita nilipanga vitabu, nilipokea wageni, nilichemsha chai. Nauli ya daladala ilikuwa shilingi 2,000 kwa siku, kwenda na kurudi, kutoka mfukoni mwangu. Kwa siku 22 za mwezi ni 44,000. Kila nilipouliza habari za ajira niliambiwa, "Vuta subira, dada." Nilipoondoka, kesho yake funguo alikabidhiwa kijana mwingine wa kujitolea. Hapo ndipo nikaelewa: kazi ile haikuwa na mshahara wa mtu yeyote. Nilikuwa napanga foleni dukani ambako hakuna muuzaji.

Mara ya pili nilikwenda kwa mchapishaji mdogo wa vitabu. Safari hii niliuliza kwanza: kazi nitakayofanya, nani analipwa kuifanya sasa? Na aliyejitolea kabla yangu yuko wapi? Nikaonyeshwa dada mmoja mezani, anahariri. Alianza kama mimi. Tukakubaliana miezi mitatu, basi.

Mhariri mkuu, mzee mpole, alinipa kurasa 20 za prufu ya riwaya. Nilizirudisha nikijisifu moyoni. Akazisoma kwa kalamu nyekundu mbele yangu. Makosa 11 yalikuwa yamenipita, mengi ya upatanisho: sentensi inaanza na "vitabu", inakwenda mbali, inaishia na "zimepotea". Lakini kilichomuudhi ni pale niliposahihisha pasipo na kosa. Bibi wa Pangani kwenye riwaya alisema "nshakwambia", mimi nikaandika "nimeshakuambia".

"Mwanangu," akasema, "umemnyang'anya bibi wa watu sauti yake. Msimulizi msahihishe. Mhusika msikilize kwanza."

Tangu siku hiyo nikawa na daftari: maneno ya kila mhusika yanavyoandikwa, ukurasa yalipotokea mara ya kwanza, na swali la kumuuliza mwandishi. Mwezi wa tatu yule dada akaenda likizo ya uzazi. Mzee hakutangaza nafasi. Alilichukua daftari langu, akalipekua, akaniuliza nataka kiasi gani kwa ukurasa.

Bahati ilikuwepo, sikatai. Kama yule dada asingeondoka, huenda ningemaliza miezi yangu nikaaga bila kitu mkononi. Ila ningeondoka na lile daftari na kurasa zenye wino mwekundu, vitu ambavyo mchapishaji mwingine angeweza kuvipima. Kule maktaba, miezi sita yote, hakuna aliyewahi kunisahihisha. Siku hizi kijana akiniuliza kama aendelee kujitolea mahali, namuuliza: mara ya mwisho kazi yako ilirudishwa na masahihisho ni lini?